Saa moja ya maji na kisanduku cha tiki: tulichokosea kuhusu mtoto anayesubiri upasuaji

Hospitali nyingi zimo katika kubadili kanuni ya muda ambao mtoto hukaa bila kunywa kabla ya upasuaji uliopangwa. Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa saa mbili kwa vinywaji vyepesi, yaani maji na vinywaji vingine vinavyopenya nuru. Mwaka 2018 vyama vya wataalamu wa usingizi wa watoto vya Uingereza, Ufaransa na Ulaya vilitoa tamko la pamoja kwamba saa moja inatosha, na mwaka 2022 jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa usingizi na wagonjwa mahututi ikaingiza saa hiyo moja katika mwongozo wake. Katika wodi, badiliko hilo limepokewa kwa namna mbili, na zote zina kasoro. Wapo wanaoona kamba imelegezwa na usalama umetolewa sadaka ili watoto wasilie. Wapo wanaoona tarakimu tu imebadilika, kwa hiyo wanafuta 2 kwenye bango la ukutani, wanaandika 1, na kazi inaendelea kama jana. Ninachodai hapa ni kwamba kilichobadilika ni kazi yenyewe ya muuguzi. Kufunga kula na kunywa kumeacha kuwa jambo linalothibitishwa mara moja asubuhi kwa tiki, kumekuwa hesabu inayofanywa upya kila ratiba ya chumba cha upasuaji inapoyumba. Fomu inayouliza “Amefunga? Ndiyo/Hapana” haiwezi kuibeba hesabu hiyo. Na ukiitazama vizuri fomu hiyohiyo, utakuta ugonjwa huo umo pia katika mstari wa utambulisho na mstari wa ridhaa.

Tuanze na sababu ya kumfungisha mtoto. Dawa za usingizi hulegeza misuli inayofunga mlango kati ya tumbo na koo, na wakati huohuo huondoa kikohozi kinachotulinda tunapopaliwa. Kilichomo tumboni kikipanda kinaweza kushuka kwenye mapafu bila mtoto kufanya lolote kujikinga. Vipande vya chakula huziba njia za hewa, na asidi ya tumbo huunguza mapafu. Lakini si kila kinachomezwa hukaa tumboni kwa muda mmoja. Maji, juisi ya tofaa iliyochujwa au chai ya rangi yenye sukari huanza kuondoka papo hapo, na nusu yake huwa imekwishapita kuelekea utumbo ndani ya robo saa hivi. Maziwa ni kimiminika kikombeni tu. Yakifika tumboni huganda, na mabonge yake hukaa humo kama chakula. Maziwa ya mama hutoka mapema kuliko ya kopo kwa sababu huganda kidogo na laini. Ndiyo maana mwongozo wa Ulaya wa 2022 unasema saa 1 kwa vinywaji vyepesi, saa 3 kwa maziwa ya mama, saa 4 kwa maziwa ya kopo na saa 6 kwa chakula kigumu. Chama cha wataalamu wa usingizi cha Marekani kinashikilia saa 2, 4, 6 na 6 kwa mpangilio huohuo, na 8 au zaidi kwa mlo wenye mafuta mengi. Kilipopitia upya suala la watoto mwaka 2023, kilisema ushahidi hautoshi kupendekeza saa moja badala ya mbili, lakini kikahimiza mtoto anyweshwe karibu kabisa na hizo saa mbili.

Hapo ndipo kiini kinapojificha. Wanaotetea saa moja na wanaotetea saa mbili wanakubaliana juu ya jambo ambalo mabishano ya tarakimu yamelifunika: mtoto anayeambiwa saa mbili hakai saa mbili. Anakaa sita, nane, wakati mwingine usiku kucha na nusu ya siku, kwa sababu agizo halikuhesabiwa kutoka saa yake ya upasuaji. Lilihesabiwa kutoka saa 6 usiku, kwa watoto wote wa orodha kwa pamoja. Mtoto mdogo ana akiba ndogo ya sukari kwenye ini, na mwili wake huitumia haraka. Akikaa muda mrefu hivyo, damu huanza kujaa ketoni, mabaki ya mafuta ambayo mwili huchoma badala ya sukari, anakosa utulivu, na akiwa mtoto mchanga sukari yake ya damu inaweza kushuka. Akiwa mkavu, mishipa yake hujificha, kwa hiyo anachomwa mara nne pale ambapo mara moja ingetosha, na dawa za kumlaza zinaweza kumshusha shinikizo la damu ghafla. Ukiona ulimi umekauka, nepi imebaki kavu tangu alfajiri na mtoto amenyamaza kwa namna isiyo ya kawaida yake, usimwandike kuwa “ametulia”.

Chukua mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mtoto ana miaka mitatu, uzito kilo 14, anakwenda kufanyiwa upasuaji wa ngiri ya kinena upande wa kulia. Hana ugonjwa mwingine. Ni wa nne kwenye orodha, na anatarajiwa kuingia saa 5 asubuhi. Kwa agizo la zamani, mama anaambiwa asimpe chochote kuanzia saa 6 usiku. Mtoto alikula chakula cha jioni saa 1 usiku, akanywa maji kidogo akilala saa 2. Ifikapo saa 5 asubuhi amekaa saa 16 bila chakula na saa 15 bila tone la maji, naye hajavunja kanuni yoyote. Fomu yake ina tiki safi. Sasa hesabu kwa saa yake. Chakula kigumu mwisho saa 11 alfajiri. Hakuna anayelazimika kumwamsha mtoto ale usiku wa manane, lakini akiamka mwenyewe kabla ya hapo akataka kitu chepesi, hakuna sababu ya kumnyima. Maziwa ya ng'ombe kwa umri wake yahesabiwe pamoja na chakula. Vinywaji vyepesi mwisho saa 4 asubuhi ikiwa hospitali inafuata saa moja, au saa 3 ikiwa inafuata saa mbili. Kati ya kuamka kwake na saa hiyo anapewa kinywaji chepesi kila anapoomba, chenye sukari ikiwezekana. Kikombe cha mwisho hakizidi mililita 3 kwa kila kilo ya uzito, yaani 3 mara 14, ambayo ni mililita 42. Hicho si kikombe cha chai, ni kama vijiko vya chakula vitatu hadi kidogo chini. Kipimwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe chenye alama, kwa sababu mama akiambiwa “kidogo” kila mmoja ana kidogo chake.

Ifikapo saa 3:50 asubuhi simu inapigwa kutoka chumba cha upasuaji: mtoto wa pili amechukua muda kuliko ilivyodhaniwa, na wa nne sasa ataingia saa 6:30 mchana. Kwa fomu ya tiki, taarifa hii haina pa kukaa. Mtoto “amefunga”, jambo limekwisha, na kwa kawaida hakuna anayerudi kumwambia mama chochote zaidi ya “subiri kidogo”. Kwa hesabu mpya, mwisho wa kunywa umesogea hadi saa 5:30. Muuguzi anampa mililita 40 saa 4, anampa nyingine saa 5:15, anaandika zote mbili, kisha anaondoa kikombe kitandani. Kazi yote hiyo ni dakika tano. Lakini inahitaji mstari wenye nafasi nne: kilichotumiwa, kiasi, saa, na saa mpya inayotarajiwa ya upasuaji pamoja na jina la aliyeitoa. Saa iandikwe kwa mfumo wa saa 24. Mama akisema “saa nne” bila kutaja asubuhi au usiku, aulizwe palepale, kwa sababu 10:00 na 22:00 zimetenganishwa na nusu siku na tarakimu 4 peke yake inaweza kusomwa kwa namna ya tatu na mtu wa zamu inayofuata.

Wanaopinga saa moja wana hoja, na moja kati ya hizo ni nzito. Ratiba hairudi nyuma tu, husogea mbele pia. Mtoto wa tatu akikutwa na homa akaondolewa kwenye orodha, wa nne anaitwa sasa hivi, na amekunywa dakika 20 zilizopita. Kwa kanuni ya saa mbili pengo kama hilo hutokea pia, ila mara chache zaidi, kwa sababu vikombe vingi vimekwisha mapema. Sioni namna ya kuikwepa hoja hii kwa maneno. Jibu lake ni kwamba daktari wa usingizi ndiye anayeamua kama anasubiri dakika 40 au anaendelea, na hawezi kuamua kama hajui ni mililita ngapi za nini na saa ngapi. Kuna kazi iliyochapishwa mwaka 2015 kutoka Uppsala, Uswidi, ambako watoto waliruhusiwa kunywa vinywaji vyepesi hadi wanapoitwa chumba cha upasuaji. Kati ya watoto 10,015, watatu walipaliwa, na hakuna aliyehitaji kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia wala kulazwa chumba cha wagonjwa mahututi kwa sababu hiyo. Ni hospitali moja, na tukio lenyewe ni adimu mno kiasi kwamba tofauti ndogo kati ya kanuni mbili haionekani kirahisi hata kwa maelfu ya watoto. Kwa hiyo nasoma takwimu hizo kama sababu ya kutoogopa mililita 40 za maji. Sizisomi kama ruhusa ya kuacha kuandika.

Hoja ya pili inahusu watoto ambao kanuni ya saa moja haiwahusu kabisa. Mtoto aliyevunjika mkono baada ya kula, aliyeziba utumbo, mwenye maumivu makali au aliyepewa dawa za jamii ya mofini, tumbo lake limesimama. Kwake saa sita za kufunga hazithibitishi kwamba tumbo ni tupu. Vivyo hivyo kuna watoto wenye kucheua kukali, kushindwa kwa figo, umio uliobana, au kisukari kilichokwishapunguza mwendo wa tumbo, ambao daktari wa usingizi huweza kuwawekea muda mrefu zaidi. Hoja hii ni sahihi, lakini matokeo yake ni kinyume cha yanayodaiwa. Kisanduku cha “Amefunga? Ndiyo” kinamweka mtoto aliyevunjika mkono saa saba zilizopita katika fungu moja na mtoto wa ngiri aliyekuja kutoka nyumbani. Fomu inayouliza saa ya mlo wa mwisho na saa ya ajali, kwa mfuatano, ndiyo inayomwonyesha daktari kwamba kati ya wali na kuanguka kulikuwa na dakika 30 tu. Kwa mtoto wa dharura, muda unaosema kitu ni ule kati ya kula na kuumia.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kwamba wazazi watachanganya, kwamba ukimruhusu mama kutoa maji atatoa na maziwa, kwa hiyo bora kusema “asile wala asinywe kuanzia saa 6 usiku” na kufunga mjadala. Agizo hilo ni rahisi kulisema, sikatai. Lakini kinachofichwa na wepesi wake ni kwamba halimlindi mtoto dhidi ya kitu kinachohofiwa. Biskuti inayomezwa saa 3 asubuhi haitoki kwa mama aliyechanganya maji na maziwa. Inatoka kwa mtu aliyeshindwa kuvumilia kilio cha mtoto mwenye njaa na kiu: bibi, dada mkubwa, mzazi wa kitanda cha jirani. Kisha aliyeitoa anajua imekatazwa, kwa hiyo anaificha, na fomu inapata tiki. Mzazi akipewa saa zilizoandikwa, mbili tu, kwa jina la mtoto wake (“chakula na maziwa mwisho 05:00, maji na juisi iliyochujwa mwisho 10:00, usimpe tena mpaka muuguzi akuambie”), akaambiwa pia kwa nini maziwa si maji, ana kitu cha kumpa mtoto na sababu ya kukataa vingine. Kipimo cha kinywaji chepesi ni hiki: kikiwa kwenye glasi, maandishi yaliyo nyuma yake yasomeke. Uji haupiti, hata uwe mwepesi vipi. Juisi ya embe haipiti. Chai ya maziwa haipiti.

Namna ya kuuliza nayo ni nusu ya ukaguzi. “Hajala kitu, si ndiyo?” ni swali linalojijibu, na mzazi mwenye hofu atalijibu jinsi unavyotaka. Uliza, “Kitu gani cha mwisho kimeingia mdomoni mwake? Kiasi gani? Saa ngapi?” Halafu uliza juu ya vitu ambavyo watu hawaviiti chakula: pipi, dawa ya kikohozi, maziwa ya usiku wakati amelala, kunyonya alfajiri. Mtoto wa miaka mitatu aulizwe naye, kwa lugha yake, amekula nini leo. Watoto wa umri huo bado hawajajua kutunza siri za watu wazima. Tazama makombo kwenye shuka na mkononi. Ukigundua kwamba alipewa mililita 200 za maziwa ya kopo saa 3 asubuhi, usimgombeze mama, kwa sababu mzazi aliyegombezwa leo ni mzazi atakayeficha kesho, na waliomsikia akigombezwa wataficha leo hii hii. Mpigie daktari wa usingizi, taja aina, kiasi na saa. Kwa saa 4 za mwongozo wa Ulaya mtoto yuko tayari saa 7 mchana, kwa saa 6 za Marekani ni saa 9 alasiri. Mara nyingi inatosha kumsogeza mwisho wa orodha badala ya kumrudisha nyumbani, lakini uamuzi huo si wa muuguzi kuufanya kimya kimya.

Sasa mstari wa utambulisho. Nao kwa kawaida ni kisanduku: “Mkanda upo? Ndiyo.” Kuwepo kwa mkanda ni robo ya swali. Mkanda unatakiwa kubeba angalau vitambulisho viwili, jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, na namba ya hospitali pale inapotumika. Namba ya kitanda au chumba haihesabiki, kwa sababu watoto huhamishwa vitanda na hupenda kwenda kucheza kwenye kitanda cha mwenzao. Hapa pia swali linaloongoza ndilo linalotuangusha. Ukimuuliza mzazi aliyesinzia “Huyu ni Amina Juma?” na akakujibu “Ndiyo”, hujathibitisha lolote. Mwache ataje jina lote na tarehe ya kuzaliwa mwenyewe, huku macho yako yako kwenye mkanda, kisha linganisha na jalada, fomu ya ridhaa na orodha ya chumba cha upasuaji. Vyote vinne visemane herufi kwa herufi. Pacha hutofautiana kwa jina moja tu, na tarehe yao ya kuzaliwa ni ileile, kwa hiyo kwao namba ya hospitali ndiyo inayofanya kazi.

Kuna jambo la kimwili ambalo fomu nyingi hazilisemi. Mkanda uko kwenye kifundo cha mkono, na mkono huohuo ndio daktari wa usingizi anaotafuta mshipa. Unakatwa, unawekwa juu ya meza, na mtoto analala bila jina akiwa amefunikwa shuka hadi shingoni. Mikanda miwili kwenye viungo viwili tofauti, mmoja ukiwa kwenye kifundo cha mguu ulio mbali na eneo la upasuaji, huondoa tatizo hilo. Anayekata mmoja na auvalishe upya mahali pengine kabla ya kuendelea. Uthibitisho huu wote ufanyike kabla ya dawa ya kutuliza. Mtoto wa kilo 14 aliyepewa midazolamu ya kunywa, kwa kawaida miligramu 0.5 kwa kilo, ambayo ni miligramu 7, baada ya dakika 20 au 30 hatataja jina lake kwa uhakika. Na uzito huo uliozaa miligramu 7 uwe umepimwa kwenye mizani siku hiyo au karibu yake, umeandikwa kwa kilo pamoja na tarehe. Uzito wa kukisia, au nukta ya desimali iliyokaa vibaya, huzidisha kila dawa itakayofuata.

Upande wa mwili ni sehemu ya utambulisho, ingawa huwekwa mbali nao kwenye fomu. Ngiri ya kinena kwa mtoto mdogo hujitokeza akilia au akikohoa na kurudi akilala. Asubuhi ya upasuaji huenda isionekane kabisa. Ndiyo maana alama ya upande haiwezi kusubiri hadi atakapolazwa usingizi, wakati hakuna uvimbe wa kuuona wala mtoto wa kuuliza. Anayeweka alama ni daktari atakayepasua, kwa kalamu isiyofutika, mahali ambapo itaonekana baada ya vitambaa kutandazwa, mzazi akiwa anaonyesha kwa kidole upande aliouona ukivimba. Kazi ya muuguzi ni kulinganisha vitu vitatu: kidole cha mzazi, alama ya kalamu, na neno “kulia” lililoandikwa kwa urefu kwenye fomu ya ridhaa. Kimoja kikipingana na vingine, mtoto haondoki wodini. Nepi ifunguliwe na alama itazamwe kwa macho, kwa sababu sabuni na mikojo ya usiku huifuta.

Ridhaa ndiyo tiki inayodanganya kuliko zote, kwa sababu karatasi yenye sahihi huonekana kama ushahidi uliokamilika. Muuguzi hachukui ridhaa ya upasuaji. Hiyo ni kazi ya daktari anayejua atakachofanya na hatari zake. Anachokagua muuguzi ni kama sahihi ile ni ya mtu mwenye mamlaka ya kisheria juu ya mtoto. Bibi au shangazi aliyemleta mtoto huenda ndiye anayemlea kila siku na bado asiwe na mamlaka hayo, kutegemea sheria ya mahali. Hili ligunduliwe siku ya kupanga upasuaji, si saa 4:30 asubuhi mtoto akiwa juu ya kitanda cha magurudumu. Fomu ya tiki huligundua saa hiyo ya mwisho, ikiligundua kabisa. Pale sheria na kanuni za hospitali zinaporuhusu ridhaa kwa simu, mzungumzaji athibitishwe ni nani, daktari aeleze upasuaji upya, na mtu wa pili asikilize na kutia sahihi kama shahidi. Dharura inayotishia uhai ni suala tofauti. Huko madaktari huendelea kwa maslahi ya mtoto huku juhudi za kumtafuta mzazi zikiandikwa.

Kisha kuna swali ambalo hakuna kisanduku kinachoweza kulijibu: mzazi ameelewa alichokitia sahihi? Muuguzi anaweza kulipima kwa sentensi moja, “Nieleze kwa maneno yako mtoto anakwenda kufanyiwa nini.” Mama akisema “wanatoa uvimbe wa huku” na kugusa kinena cha kulia, mambo yako sawa. Akisema hajui, amesaini tu alipoelekezwa, muuguzi hajaribu kuziba pengo kwa maelezo yake mwenyewe. Anamwita daktari arudi. Ni kero, na orodha itachelewa kwa dakika kumi. Hapo pia angalia kama fomu imeandikwa kwa vifupisho, kama imetaja dawa ya usingizi au la, na kama upasuaji ulioandikwa ni uleule ulio kwenye orodha. Mtoto wa miaka mitatu hatoi ridhaa, lakini Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, katika kifungu cha 12, unamtambua mtoto kuwa na haki ya kusikilizwa kwa kadiri ya umri na ukomavu wake. Kwa umri huu inatosha kumwambia ukweli mfupi: utalala, daktari atatengeneza hapa, mama atakuwepo ukiamka. Kumwahidi kwamba hakuna sindano ni kununua utulivu wa dakika tano kwa deni la siku nzima.

Mambo mengine ya orodha hayahitaji maelezo marefu: mzio, joto la mwili, mafua au kikohozi cha wiki chache zilizopita (njia ya hewa iliyowashwa hukaza kwa urahisi wakati wa usingizi, na hilo huendelea hata baada ya kamasi kukauka), jino linalotikisika kwa wakubwa kidogo, hereni na rangi ya kucha, krimu ya ganzi iliyopakwa angalau saa moja kabla ya sindano.

Mtu anaweza kuniambia kwamba nataka fomu ndefu zaidi wakati wauguzi wamechoka na fomu. Historia ya orodha yenyewe inanipa sababu ya kung'ang'ania. Shirika la Afya Duniani lilizindua orodha yake ya usalama wa upasuaji mwaka 2008, yenye vipengele 19. Utafiti wa hospitali nane uliochapishwa mwaka 2009 uliona vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Mwaka 2014, hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, zilipochunguzwa baada ya orodha kuwa ya lazima, vifo havikushuka kwa kiwango cha kutajika. Maelezo yamebishaniwa sana tangu hapo, na sidhani kuna moja linalotosha. Ninachokiona mimi ni kwamba karatasi inaweza kujazwa kikamilifu bila swali lolote kuulizwa, na kisanduku cha ndiyo/hapana ndicho kinachorahisisha jambo hilo kuliko kitu kingine. Mstari unaotaka saa, mililita na jina la mzungumzaji haujazwi bila mtu kumgeukia mtu mwingine na kumuuliza. Kwa hiyo fomu ninayoitaka si ndefu. Vipengele vitatu vibadilishwe kutoka tiki kuwa maandishi, na vingine vyote vinaweza kubaki vilivyo.

Wodi inayotaka kujua kama saa moja imeingia kweli au imebadilika bangoni tu haihitaji utafiti. Kwa wiki mbili, andika kwa kila mtoto saa ya kikombe chake cha mwisho na saa aliyolazwa usingizi, toa moja kwenye nyingine, kisha panga majibu kwa nafasi ya mtoto kwenye orodha. Wa kwanza akiwa na saa mbili na wa nne akiwa na saa tisa, kosa haliko kwa wazazi. Liko kwenye simu ambayo chumba cha upasuaji hakikuipiga saa 3:50, au ilipigwa na hapakuwa na mstari wa kuiandika.